Kukabidhi mizigo mapema kabla ya ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yamelenga zaidi msafiri wa Kusini anayeunganisha Mtwara, Dar es Salaam na Dubai, maana huko Dubai ndiko wengi hukutana na huduma hii kwa mara ya kwanza. Kanuni za betri, dawa na tagi ni zilezile hata kama safari yako ni ya Mumbai au Guangzhou.

## Mambo ya mwanzo

Kukabidhi mizigo mapema maana yake nini hasa?

Ni kupeleka mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege saa nyingi kabla ya muda wa kawaida wa kaunta. Unaonyesha pasipoti, begi linapimwa, linafungwa tagi na kuondoka kwenye mkanda. Wewe unabaki na kipande cha tagi na kadi ya kupandia ndege, kisha unarudi mjini mikono mitupu. Ukija tena usiku unapitia ukaguzi na uhamiaji bila kugusa foleni ya mizigo.

Usichanganye na kujisajili kwa simu. Kujisajili kwa simu kunakupa kiti, lakini mabegi bado unayo wewe. Pia si sawa na kuweka mizigo stoo ya kulipia: stoo utarudi kuchukua begi lako na kulipeleka kaunta mwenyewe, ilhali begi lililokabidhiwa unalikuta mwisho wa safari.

Naweza kufanya hivyo Mtwara?

Hapana, na usipange safari kwa kutegemea hilo. Katika kiwanja kidogo chenye ndege chache, kaunta hufunguliwa kwa ajili ya ndege fulani, na kwa safari za ndani huwa ni kama saa mbili kabla ya kuruka. Ukifika na masanduku tangu asubuhi kwa ndege ya jioni, utakaa nayo.

Sababu si ukaidi wa wahudumu. Begi likishakaguliwa na kufungwa tagi halitakiwi kuguswa na mtu asiyehusika mpaka lipakiwe. Viwanja vikubwa vina ghala la mabegi yaliyowahi: rafu zinazoendeshwa na mashine, kila begi likisomwa tagi na kusubiri zamu ya ndege yake. Pasipo na ghala la namna hiyo, begi la saa nane zijazo lingehitaji chumba na mlinzi wake.

Na Dar es Salaam je?

Kwa msafiri wa kawaida, chukulia kwamba hakuna. Kaunta za safari za nje hufunguliwa saa tatu hivi kabla ya ndege, mashirika mengine hutangulia kidogo. Hili ndilo linalowaumiza watu wa Kusini: unatua kutoka Mtwara asubuhi, ndege ya nje ni usiku, katikati kuna saa kumi na mabegi mawili. Namna ya kuliziba pengo hilo imeelezwa kwenye swali la tiketi moja na tiketi mbili, chini.

Basi inapatikana wapi?

Kwa abiria wetu, mfano ulio wazi ni Dubai. Emirates hupokea mizigo kwenye kituo chake, Teminali 3, kuanzia saa 24 kabla ya ndege kuruka. Usidhani kila shirika linaloruka kutoka Dubai lina ruhusa hiyo. Mashirika yenye kaunta za kukodi hufungua saa tatu au nne kabla, kama kwingine. Kwa hiyo swali la kuuliza si "Dubai wanapokea mapema?" bali "shirika langu, teminali yangu, wanaanza kupokea saa ngapi?"

## Kupiga hesabu ya saa

Tiketi imeandikwa 00:35, 15 MAR. Naenda lini uwanjani?

Usiku wa tarehe 14. Saa 00:35 ni saa sita na dakika thelathini na tano usiku, na kwa kalenda ya tiketi tarehe 15 imeshaanza saa sita usiku ilipogonga. Anayesubiri usiku wa tarehe 15 anakuta ndege iliondoka jana yake. Hili ndilo kosa la kwanza kwa watu waliozoea kusema "usiku wa kuamkia".

La pili ni kusoma saa za tiketi kwa Kiswahili. 04:00 ni saa kumi alfajiri, si saa nne. 22:00 ndiyo saa nne usiku. Saa zote za tiketi ni za mahali ndege inaporuka au inapotua, na Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Simu ambayo haijabadilisha saa yenyewe itakuchelewesha saa nzima.

Nipe mfano wa siku nzima.

Tuchukue tiketi hiyo hiyo, na shirika linalopokea mizigo saa 24 kabla. Mlango wa kukabidhi unafunguka 00:35 ya tarehe 14, maana yake siku yote ya tarehe 14 ni yako. Hoteli inataka chumba saa sita mchana. Una mabegi mawili ya kilo 23 na manunuzi umeshamaliza.

Saa tano asubuhi unatoa kila kitu kitandani na kupanga upya begi la mkononi, kwa mpangilio ulioelezwa katika sehemu inayofuata. Saa sita unakabidhi ufunguo na kuchukua teksi moja kwa moja hadi Teminali 3. Treni ya metro inafika pale, lakini kanuni yake ni sanduku moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na begi moja dogo kwa kila abiria. Masanduku mawili makubwa yatakurudisha getini.

Saa saba na nusu mabegi yamekwenda. Sasa metro inakufaa: unarudi Deira kwa treni, unakula, unaswali, unamwona jamaa. Saa tatu usiku unarudi uwanjani kwa metro hiyohiyo. Ndege inachukua saa tano na nusu hivi, kwa hiyo unatua Dar kama saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu.

Umeokoa nini? Teksi ya pili yenye mizigo, ada ya stoo, na saa tisa za kukaa juu ya sanduku kwenye ukumbi wa hoteli. Hujaokoa muda wa uhamiaji wala ukaguzi wa usalama. Anayedhani kwamba kwa kuwa hana begi anaweza kufika dakika arobaini kabla, atalikosa geti.

Wakati gani haisaidii, au inaharibu?

Inaharibu kama bado unanunua. Hili halisemwi vya kutosha. Mfanyabiashara akishakabidhi mabegi saa saba mchana kisha akazunguka Naif mpaka usiku, kila atakachonunua kinabaki mkononi. Begi la mkononi la daraja la kawaida Emirates ni kilo 7. Chupa ya manukato au mafuta ya mwili inayozidi mililita 100 haipiti ukaguzi hata ikiwa imebaki robo, kwa sababu kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa. Utachagua kati ya kulipia begi la ziada kaunta na kuyaacha manukato kwenye pipa la ukaguzi.

Kama una haki ya mabegi mawili, unaweza kuuliza kaunta kama watapokea moja sasa na jingine baadaye. Wengine hukubali. Uliza kabla la kwanza halijafungwa tagi, na usiondoke bila jibu la wazi.

Haina faida pia kama una begi moja dogo, au kama hoteli inakutunzia mizigo bure na iko njiani kwenda uwanjani. Safari ya ziada ya kwenda na kurudi Teminali 3 inaweza kula saa mbili za siku yako.

## Kitu gani kibaki mkononi

Nibaki na nini?

Jiulize hivi: begi hili lisiponiona kwa saa 36, nitakwama wapi? Kwa mtu wa Mtwara jibu haliishii Dar, kwa kuwa baada ya Dar bado kuna ndege ya saa moja au basi la siku nzima.

Pasipoti, kadi ya homa ya manjano na tiketi ya kipande cha Dar hadi Mtwara vibaki na wewe. Fedha vilevile, zikiwamo shilingi za kutosha nauli na chakula ukishatua, maana alfajiri si wakati mzuri wa kutafuta pa kubadilishia dirhamu. Risiti za manunuzi ziweke mkononi pia: afisa wa forodha atazitaka palepale, na risiti iliyofungiwa ndani ya sanduku la chini kabisa ni sawa na kutokuwa nayo.

Funguo za nyumba watu huzisahau mno. Nguo moja ya kubadili na chaja ya simu hukaa juu. Miwani, dhahabu, kompyuta na simu za biashara visiingie tumboni mwa ndege kamwe, iwe umekabidhi mapema au kwa muda wa kawaida.

Kwa nini pawabenki husumbua zaidi ukikabidhi mapema?

Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa tumboni, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kule hakuna wa kuuzima haraka. Ukikabidhi kwa muda wa kawaida, mashine ikiiona unaitwa, unafungua begi, mambo yanaisha. Ukikabidhi mapema, begi linakaguliwa wewe ukiwa mjini. Wanakutafuta kwa namba uliyoacha. Ikiwa ni laini ya nyumbani iliyozimwa, begi linawekwa kando na huenda likakosa ndege. Ndiyo maana namba unayoacha iwe inayopatikana huko huko.

Kabla ya kufunga sanduku, pitisha mkono kwenye mifuko ya pembeni na mifuko ya koti. Huko ndiko pawabenki na betri za akiba hujificha.

Ukubwa nao una kikomo. Zidisha namba ya mAh kwa volti, gawanya kwa 1,000, upate Wh. Pawabenki ya 20,000 mAh yenye betri ya volti 3.7 ni 74 Wh, na iko chini ya kikomo cha 100 Wh. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, huruhusu moja tu kwa abiria, iwe na maandishi ya ukubwa wake, isitumike wala kuchajiwa ndani ya ndege, na ikae kwenye mfuko wa kiti au chini ya kiti cha mbele.

Mama yangu ana kisukari na tunatoka naye hospitalini India. Dawa zikae wapi?

Zote mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Insulini isiingie tumboni mwa ndege: inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ukikabidhi begi mapema linaongezewa saa nyingi za kukaa ghalani ambako huna habari ya joto lake.

Beba dozi za safari nzima na siku mbili au tatu za ziada. Dawa za maji zinazozidi mililita 100 huruhusiwa zikiwa za lazima safarini, ila zitangaze kabla ya kuweka begi kwenye mashine. Picha za eksirei, sidii na majibu ya vipimo navyo visiachane na mgonjwa, kwa sababu daktari wa huku atavitaka na kuvipata upya ni gharama.

Vipi korosho, dagaa na pweza?

Korosho zilizobanguliwa na kufungwa vizuri hazina shida kukaa ghalani. Dagaa wakavu wanahitaji vifungashio viwili au vitatu, si kwa ajili yao bali kwa ajili ya nguo zako. Pweza mbichi ni mzigo wa saa chache tu wenye barafu. Usimkabidhi saa kumi na mbili kabla ya safari. Kwa chochote cha chakula, uliza kwanza nchi unayokwenda inaruhusu nini.

Na ukirudi na mifuko ya plastiki ya madukani, kumbuka imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Mfuko mdogo wa zipu wa vipodozi hauna tatizo. Ile mingine hamishia vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kutua.

## Baada ya begi kuondoka

Nisome nini kwenye tagi?

Simama palepale kaunta na usome vitu vitatu: jina lako, herufi tatu za mwisho wa safari ya begi, na tarehe ya ndege. DAR ni Dar es Salaam, MYW ni Mtwara, DXB ni Dubai. Tarehe ina uzito kwa anayekabidhi mapema, kwa kuwa siku hiyo hiyo inaweza kuwa na ndege nyingine ya njia ileile.

Kisha tazama namba ya tarakimu 10. Tarakimu ya pili hadi ya nne ni za shirika. Emirates ni 176, Air Tanzania ni 197. Sita za mwisho ni za begi lako. Piga picha begi likiwa na tagi, na kipande chako kikae ndani ya pasipoti, kisibandikwe nyuma ya simu ambako hutoka kwa jasho. Ng'oa pia tagi za safari zilizopita. Tagi kuukuu yenye mistari yake inaweza kusomwa na mashine na begi likaelekezwa kusiko.

Nimekumbuka kitu ndani ya begi. Naweza kulifungua?

Chukulia kwamba huwezi. Kulitoa ghalani kunawezekana kwa ombi, lakini huchukua muda, na likirudi litakaguliwa upya. Ikiwa ni pasipoti au dawa, rudi kaunta mara moja na kipande cha tagi. Ikiwa ni chaja, nunua nyingine.

Tiketi moja na tiketi mbili: mabegi yanafuata vipi?

Ukikata Mtwara hadi Dubai kwenye tiketi moja, na mashirika yana makubaliano, kaunta ya Mtwara inaweza kufunga tagi ya DXB. Hapo pengo la Dar linakuwa jepesi, maana begi halitoki mkononi mwao. Uliza kabla ya kulipa, na hakiki kwenye tagi.

Ukiwa na tiketi mbili tofauti, begi linaishia DAR. Utalichukua, utahama kutoka jengo la safari za ndani kwenda Jengo la Tatu la safari za nje, na utasubiri kaunta ifunguke. Kwa pengo refu ni afadhali kuacha mizigo kwa ndugu au hoteli, au kuchagua ndege ya Mtwara inayotua karibu na muda wa kaunta. Lakini usibane mno. Ndege ya ndani ikichelewa kwenye tiketi mbili, ndege ya nje haina wajibu wa kukusubiri.

Kurudi nako, usishangae kutakiwa kuchukua begi Dar kwa ajili ya forodha hata kama tagi ina MYW.

Ndege ndogo ya Dar hadi Mtwara ina jambo la kuangalia?

Ndiyo. ATR na Dash 8 zina rafu ndogo juu ya viti. Begi la mkononi lililopita vizuri Dubai linaweza kuchukuliwa mlangoni mwa ndege na kuwekwa nyuma. Ndani yake ziko dawa, pawabenki na fedha ulizozilinda njia nzima. Viweke kwenye mfuko mdogo mmoja unaochomoka kwa mkono mmoja.

## Hali za pembeni

Naweza kumtuma mtu akabidhi begi langu?

Hapana. Mwenye tiketi huja mwenyewe na pasipoti, na ndiye anayeulizwa nani alipanga begi. Ukipokea la mtu ukaliweka kwa jina lako, kilichomo ni chako kisheria.

Nikikosa ndege baada ya kukabidhi?

Kwenye safari za nje begi halitakiwi kusafiri bila abiria wake. Litatafutwa na kushushwa, na wakati mwingine ndege nzima huchelewa kwa ajili hiyo. Nenda kaunta na kipande cha tagi, na tiketi ikibadilishwa hakikisha tagi nayo imebadilishwa. Vivyo hivyo ndege ikifutwa wakati uko mjini: kuhamishwa kwako hakumaanishi kwamba begi limehama pia.

Viza yangu inaisha leo, ndege ni baada ya saa sita usiku. Nikikabidhi mapema nimeshatoka nchini?

Hujatoka. Kukabidhi mzigo ni jambo la shirika la ndege. Kutoka nchini ni pale uhamiaji wanapokupitisha. Katika hali hii kabidhi begi mapema, kisha usirudi mjini. Pita uhamiaji kabla ya saa sita usiku na usubiri ndani. Ukishapita hutoki tena kununua kitu, kwa hiyo chakula na dawa uwe navyo.

Begi limefika limepasuka, au halikufika kabisa?

Usitoke kwenye ukumbi wa mizigo bila ripoti ya maandishi yenye namba. Kwa Mkataba wa Montreal, ambao Tanzania ni mwanachama, madai ya begi lililoharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu ulipokee, na ya lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Lisipofika kwa siku 21 linahesabiwa limepotea. Kikomo cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519 za kipimo cha fedha cha IMF kiitwacho SDR, kwa abiria na si kwa kila begi.

Anayekaa Masasi, Nachingwea au Kilwa aache namba mbili za simu na aandike mji wa karibu ambako begi linaweza kufikishwa. Ukiandika "Lindi" tu, uliza palepale kama wataleta mpaka Lindi au utalifuata Mtwara, kilomita mia moja na kitu, kwa nauli yako.